Barua Pepe Aliyoielewa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki kabla ya kufungua duka la vipuri, na mkono wake ulikuwa mzito. Alianza kunipiga tukiwa bado wageni katika nyumba yetu ya Lubaga, hapa Kampala. Mwanzoni ilikuwa makofi. Baadaye alizoea waya wa chaji ya kompyuta yangu, kwa sababu ulikuwa karibu na alijua kwamba baada ya kunichapa nao nisingeweza kukaa kwenye kiti nikafanya kazi.

Kazi yenyewe aliiita michezo. Nilisomea kompyuta chuoni, nikaishi hosteli pale Wandegeya, na nilipoolewa ikakubaliwa kwamba ningekaa nyumbani mpaka mtoto akue. Binti yetu alikua, akaanza shule, nami nikaendelea kukaa. Asubuhi mume wangu akiwa hayupo niliandika programu kwa ajili ya madrasa ya baba yangu. Walimu walikuwa wakilalamika kwamba watoto wanatoka nyumbani na hawafiki darasani, na wazazi hawajui. Basi programu yangu ilifanya jambo moja: mwalimu akiweka alama kwamba mtoto hayupo, mzazi anapata ujumbe kwenye simu. Mpaka leo madrasa inaitumia.

Kwa programu hiyo nilianza kuomba kazi. Nilituma barua pepe kwa makampuni, hakuna aliyejibu. Kila nilipokosa jibu nilidhani sifai, na mume wangu alipoona nimenyong'onyea aliuliza ninamnunia nani, na hapo ugomvi ukaanza upya. Safari moja alinigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na sikio la kushoto likavuma mpaka jioni ya siku ya pili.

Rafiki yangu wa hosteli, Mkenya aliyebaki Kampala baada ya masomo, alikuwa akifanya kazi Nakawa katika ofisi inayotafutia makampuni wafanyakazi. Nilimwendea nikiwa nimejifunga mtandio mpaka kidevuni. Aliutazama mtandio, akaniomba nimwonyeshe barua ninazotuma.

Alisoma moja akacheka kidogo bila furaha. "Dada, mimi ndiye ninayezipokea barua kama hizi. Unajua naona nini? Majina ya vitu nisivyovijua, halafu kiungo. Hebu nikibonyeze."

Akabonyeza kwenye simu yake. Ukurasa ukaandika kwamba haukupatikana.

Nilibishana naye. Kwangu kilikuwa kinafunguka kila siku. Ndipo nikagundua: ghala langu la msimbo, yaani mahali pale mtandaoni ambapo sisi waandishi wa programu tunaweka kazi zetu, nilikuwa nimelifunga. Mimi nililiona kwa sababu nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu. Mtu mwingine yeyote aliambiwa hakuna kitu. Makampuni yote yale yalibonyeza yakakuta ukuta.

"Na hata ukurasa ungefunguka," akasema, "ningeona mafaili na mabano. Nisingejua nitazame wapi. Ningeenda kwa mwombaji mwingine. Niandikie kama unavyonieleza hapa."

Sikuweza kulifungua ghala vivi hivi. Lilikuwa na majina ya watoto wa watu na namba za wazazi wao, na ufunguo wa siri wa huduma ya kutuma ujumbe. Kufuta mafaili hayo hakutoshi, maana ghala linakumbuka kila kilichowahi kuwekwa. Nikaubatilisha ule ufunguo, nikasafisha kumbukumbu yote ya nyuma hadi majina na namba zikatoka, nikaweka wanafunzi wa kubuni. Kisha nikalifungua kwa kila mtu, nikajaribu kiungo kwenye simu ya jirani yangu, ambaye hajui lolote la kompyuta. Kilifunguka.

Barua mpya niliiandika kwa Kiingereza, lakini maneno yake yalikuwa haya:

"Naomba kazi ya kuandika programu. Nimetengeneza programu inayotumiwa na madrasa moja hapa Kampala: mtoto asipofika darasani, mzazi wake anapata ujumbe. Nimeweka viungo viwili. Cha kwanza kinafungua programu yenyewe. Huenda kikachelewa kidogo mara ya kwanza; tafadhali usikifunge. Ingia kwa jina na neno la majaribio nililoandika hapa chini, bonyeza 'Darasa la leo', weka alama kwamba mtoto mmoja hayupo, nawe utaona ujumbe ambao mzazi angeupata. Majina ni ya kubuni na hakuna ujumbe unaotumwa kweli.

"Kiungo cha pili ni mahali msimbo unapohifadhiwa. Huhitaji akaunti, wala kuuelewa msimbo. Ipite orodha ya mafaili, shuka chini, utakuta maelezo ya kawaida yenye picha. Ukitaka kuona kazi ilivyojengwa, juu ya mafaili hayo kuna idadi ya mabadiliko; ibonyeze, utaona kila hatua na tarehe yake, na jina langu. Ukiwa na mwenzako anayejua programu, mpe kiungo hicho hicho."

Sikuituma papo hapo. Ilikuwa Jumamosi mchana, wali ulikuwa jikoni, nikaiacha kwenye rasimu na kompyuta iko wazi mezani. Mume wangu aliingia nikiwa nakamua nazi. Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa kwenye kiti changu.

Alikuwa anafuata maelekezo.

Alifungua kiungo cha kwanza, akangoja. Akaingia kwa jina la majaribio. Akaweka alama kwa mtoto wa kubuni, akausoma ujumbe. Nilisimama na mikono yenye tui nikimtazama uso, na sitasema uongo, kwa dakika ile nilitumaini. Hakuna siku aliyowahi kuniuliza ninachofanya. Sasa alikuwa anakiona, tena peke yake, bila mimi kumweleza.

"Hii ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Yote?"

"Yote."

Akafungua kiungo cha pili. Akashuka chini akatazama picha. Kisha akapanda juu, akabonyeza ile idadi ya mabadiliko kama nilivyoelekeza, na zile tarehe zikajipanga mbele yake. Alizisoma polepole, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Siku hii ulisema unaumwa," akasema. "Hii nilikuwa Jinja. Hii mama yangu alikuja hapa, ukamwambia una nguo za kufua."

"Nilifua. Halafu nikafanya kazi."

"Kumbe hujawahi kuwa mjinga," akasema. "Ulikuwa unajitayarisha kuondoka."

Aliinuka na kompyuta mkononi, akaipiga kwenye kona ya meza. Kioo kilipasuka. Akaipiga tena mpaka mfuniko ukaachana na kibodi, na vitufe vikatawanyika sakafuni. Nilijaribu kuikamata, ujinga wa kawaida wa mtu anayeona kitu chake kinaharibiwa, naye akaniachia ile sehemu ya chini usoni. Nilianguka. Akanipiga teke la mbavu, kisha akasimama juu ya mkono wangu wa kulia, juu ya kifundo, akaniuliza, "Andika sasa. Si unajua kuandika?" Akauinua mguu akaushusha kwa nguvu. Mfupa ulitoa sauti ndogo kuliko nilivyotazamia.

Binti yangu alikuwa mlangoni na sare ya madrasa. Yeye ndiye aliyekimbilia kwa jirani. Jirani alikuja na mchi, akaugonga mlango wa chuma mpaka mtaa mzima ukatoka, na mume wangu akapita katikati yao akaenda dukani kwake kama mtu aliyesahau kitu.

Hospitalini walinifunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Rafiki yangu alifika kutoka Nakawa akiwa amevaa viatu visivyofanana. Nilimwomba simu yake. Kompyuta ilikuwa imekufa, lakini msimbo ulikuwa kwenye ghala lake mtandaoni, na rasimu ilikuwa kwenye sanduku langu la barua. Niliifungua kwa kidole gumba cha kushoto. Damu ya mdomo ilinidondoka kwenye kioo cha simu, akaifuta kwa mkono wake.

"Nibadilishe kitu?" nikauliza.

"Usiguse. Tuma."

Polisi walinisikiliza. Askari mmoja aliandika maelezo yangu, akakaza uso. "Mama, hii mambo ya nyumba. Mzee yako atatulia. Wewe rudi kwa wazazi kwanza." Nilirudi kwa wazazi. Baba yangu, ambaye miaka yote aliniambia nivumilie, alinishika mkono wenye plasta akaushikilia tu.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa makamo, mkuu wa ajira wa ile kampuni niliyoiandikia, nayo iko Nakawa. Aliandika kwamba si mtu wa kompyuta, ila alimwekea mtoto wa kubuni alama ya kutofika, akausoma ujumbe, akajikuta anamwazia mzazi. Ndipo akampelekea fundi wao mkuu kile kiungo cha pili.

Kwenye usaili nilishindwa kuchapa. Fundi mkuu akasema nitamke, yeye atachapa. Nikatamka mstari baada ya mstari, mabano na nukta, naye akafuata. Tulipomaliza, yule mama akauliza mkono umepatwa na nini. Sauti yake haikuwa na udadisi.

"Nilipigwa na mume wangu kwa sababu ya barua niliyokuletea."

"Basi nimefurahi kwamba ilifika," akasema.

Nilianza kazi plasta ikiwa bado mkononi. Mume wangu alilijua jina la kampuni, alilisoma juu ya ile rasimu. Alikuja getini asubuhi moja na spana kubwa ya dukani. Niliisikia sauti yake kutoka ghorofani, nikajificha chini ya meza kabla akili haijaniambia nifanye nini.

"Mzee, ngoja kwanza, wewe nataka nani?" askari wa geti alimuuliza. Mume wangu alimpiga spana ya shavu. Askari yule, mwanamume mpole aliyekuwa akinisalimia kila siku, alianguka meno yakiwa kifuani. Mwenzake alimrukia mume wangu kwa rungu, na madereva wa boda waliokuwa nje wakaingia. Walimpiga mpaka nikatoka mwenyewe chini ya meza, nikashuka ngazi nikipiga kelele waache. Yule mama mkuu wa ajira alikuwa amesimama kati yao na mume wangu, mikono ameitandaza, blauzi imechanika. Mume wangu alikuwa chini, jicho limefumba, akinitazama kwa lile lililobaki.

Alihukumiwa kifungo kwa sababu ya askari wa geti. Mkono wangu haukutajwa mahakamani. Faili la maelezo yangu polisi, niliambiwa, halikuonekana. Kabla ya hukumu hiyo nilikuwa nimemwendea askari wa geti hospitalini kumwomba radhi, naye kwa mdomo ulioshonwa akaniambia niende kazini, nitachelewa.

Sasa naishi na binti yangu katika vyumba viwili nyuma ya soko la Nakawa. Yeye bado hushtuka mtu akibamiza mlango, nami pia. Watu hunisifia barua ile. Niliiandika ili mtu asiyejua chochote aweze kuniona. Wa kwanza kuniona alikuwa mume wangu, na alielewa kila kitu.