Doa la Shavuni

Printa ilianzia kwenye kitambaa cha kichwa. Ndiyo tabia yake, huanzia juu ikashuka mstari kwa mstari, na mwenye haraka nayo ajue ameumia. Kikatoka kitambaa cheupe, likatoka paji la uso, yakatoka macho ya yule bibi, yametulia kama ya mtu anayesikiliza habari nzuri. Kisha likatoka shavu la kushoto, na juu yake doa la weusiweusi, pana kama kidole gumba, kama alama ya ngumi iliyoanza kupoa.

Mama Studio aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani.

“Mungu wangu,” alisema kwa sauti ndogo.

Mtaa mzima humwita hivyo, Mama Studio, na ni wachache wanaolikumbuka jina lake. Alikuja kwenye chumba kile akiwa bibi harusi, akawa anamshikia mumewe shuka jeupe nyuma ya wateja. Mume alipofariki, ndugu walimwambia auze kamera anunue cherehani. Hakuuza. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini akakaa na binti yake akafundishwa kompyuta kama mtoto anavyofundishwa kushika kijiko, na leo ni miaka kumi na minne anapiga picha za vitambulisho, za harusi na za misiba. Ana neno lake moja, huwaambia wateja wote: “Sura aliyokupa Mungu ndiyo utakayotoka nayo hapa.” Huondoa vumbi na mng’ao wa taa. Kovu la mtu haligusi.

Asubuhi hiyo picha ilikuwa ya msiba. Bibi alikuwa anazikwa mchana, na gari la ndugu lilipangiwa kuondoka saa tano kamili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tano. Waliokuja kuichukua walikuwa wawili, wamekaa kwenye benchi moja wameachana nafasi ya mtu wa tatu. Mmoja alikuwa mkamwana wa marehemu, mwanamke mwembamba aliyemuuguza mama mkwe wake miezi saba, na picha yenyewe ni yeye aliyempiga kwa simu mwezi uliopita, bibi akiwa ameketi karibu na dirisha. Wa pili alikuwa wifi yake, binti mkubwa wa marehemu, aliyeingia juzi kutoka mbali na sanduku lake la magurudumu.

Maneno yalikwisha kuzunguka. Bibi aliteleza bafuni mwezi huohuo, na wapo walionong’ona kwamba hakuteleza. Mama Studio alikuwa ameyasikia, akayanyamazia. Lakini aliposhika ile karatasi, yalimrudia yote kwa mkupuo.

“Imetoka?” wifi aliuliza, akainuka kabla hajajibiwa.

“Subiri kidogo, dada. Printa imechafua.”

“Hebu nione.”

“Si ya kuona hii, nitatoa nyingine.”

Wifi alikwisha kuichukua. Aliitazama muda mrefu, kisha akaigeuza taratibu kumwelekea mkamwana.

“Hii nini?”

Mkamwana alitazama, mkono ukamwenda mdomoni. “Wifi, hilo halikuwepo.”

“Nakuuliza hii nini shavuni kwa mama yangu.”

“Naapa kwa Mungu, halikuwepo! Tazama kwenye simu yangu, picha ndiyo hii hapa.”

“Simu yako! Simu siku hizi zinamlainisha hata kizee akawa bibi harusi. Simu ilificha, printa imefichua.” Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga hapohapo. “Mjomba? Gari lisiondoke. Nasema lisiondoke! Kuna kitu nakuja nacho, na watu wote watakiona.”

Mama Studio alirudi kwenye mashine. Alifungua kifuniko cha printa, akakisafisha kichwa cha wino, akatoa karatasi ya majaribio. Mistari ya rangi zote ikatoka imenyooka, hakuna hata mmoja uliokatika. Akaitoa picha tena, safari hii ndogo, ya ukubwa wa postikadi. Wote watatu wakainama juu ya mashine.

Likatoka shavu dogo na doa dogo.

“Haya, mama,” wifi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole mbaya. “Printa gani hiyo inayojua shavu lilipo?”

Alikuwa amesema kweli. Wino ukichafua, huchafua karatasi. Hili lilikuwa linakwenda na uso, uso ukipungua nalo linapungua, kwa hiyo limo ndani ya picha yenyewe. Mama Studio akageukia laptopu, akaikuza picha mpaka uso ukajaa kioo kizima. Shavu lilikuwa safi, rangi moja kutoka jichoni mpaka kidevuni.

Karatasi inasema hivi, kioo kinasema vile. Mmoja wao ni mwongo, aliwaza.

Nyuma yake mkamwana alikuwa ameanza kulia bila sauti. “Mama, usiitoe hii picha. Nakuomba. Mume wangu ni mpole, lakini wakimzunguka wote wakiwa na karatasi mkononi, nitarudi wapi mimi? Nina watoto watatu.”

“Nyamaza kwanza, mwanangu. Nipe nafasi nifikiri.”

Akafikiri alichokifanya na picha ile tangu ilipoingia. Hakuwa amefanya mengi. Alipoifungua asubuhi akaikuza hivihivi, aliona mng’ao shavuni, akasema moyoni ni jua la dirishani, akachukua brashi ya kwenye programu akaupunguza taratibu mpaka rangi zikalingana. Ni kazi ya dakika mbili, anaifanya kila siku. Kwa hiyo mkono uliogusa shavu la bibi ulikuwa ni wake.

Akaishika picha kwa kipanya, akaivuta upande wa kulia, vidole vinne hivi.

Uso ulisogea. Shavu lilipohama mahali pake, doa likajitokeza juu yake, jeusi, lilelile la kwenye karatasi. Na pale shavu lilipokuwa, sasa palikuwa na ukuta wa nyuma, na ukutani panang’aa. Uso umeondoka, mng’ao umebaki.

“Ee Mola,” alisema.

Akafungua ukurasa mtupu, mweupe. Madoa ya mwanga yakajipanga kimshazari katikati ya kioo, moja kubwa kama gumba na mawili madogo juu yake, meupe kuliko weupe wenyewe. Hakukuwa na ufa wala mkwaruzo. Akayafuata kwa kidole bila kugusa, na mstari ule ulikuwa na urefu anaoujua. Ni urefu wa kalamu. Jana jioni alikuwa akiandika majina kwenye bahasha, akaitwa nje, akaiacha kalamu juu ya vitufe vya laptopu, akafunga kifuniko kwa kiganja, kisha akapanga albamu sita juu yake. Leo asubuhi aliikuta kalamu humo ndani. Kioo kiliwaka vizuri, akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Angeweza kunyamaza. Angesema faili lilikuwa bovu, akatoa nyingine. Lakini ile ya kwanza ilikuwa mkononi mwa wifi, imekunjwa mara moja, na haikuonyesha dalili ya kutoka humo.

“Dada yangu,” alisema, “kosa ni langu. Doa nimelitia mimi. Kioo changu kilibanwa na kalamu, kwa ndani kikabonyea, sasa pale panang’aa peke yake. Mimi nikadhani mng’ao uko shavuni kwa mama, nikaupaka giza. Kioo kikaonyesha sawasawa, karatasi ikapata giza tupu. Tazama.” Akaivuta picha kushoto, akaivuta kulia.

Wifi alitazama akiwa amekunja mikono. “Mimi si mtoto wa kuonyeshwa sinema. Kompyuta ni yako, mnajuana ninyi wawili. Umemwonea huruma kwa machozi yake.”

Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Mama Studio alisimama akaichukua kamera.

“Kaa kwenye kile kiti.”

“Nikae nifanye nini?”

“Dakika tano tu, kisha uende na karatasi yako popote unapotaka. Sitakuzuia.”

Wifi alikaa kwa hasira, kidevu juu. Kamera ikalia mara moja. Mama Studio akaihamishia picha kwenye laptopu, akaikuza uso ukajaa kioo, akasogeza kiti pembeni.

“Kaa hapa mbele. Kazi ifanye wewe. Uso wako huo, kuna pasipokupendeza?”

Wifi akausogeza uso karibu. Mwanamke ni mwanamke, hata msibani. “Hapa shavuni pananing’aa. Mafuta haya, nilipaka haraka.”

“Tupunguze?”

“Punguza.”

“Shika mwenyewe kipanya. Bonyeza, pitisha taratibu. Ukiona panatosha uniambie.”

Wifi alipitisha, akapitisha tena, ulimi umejitokeza kidogo pembeni ya mdomo. “Hapo. Panatosha.”

“Umeridhika?”

“Nimeridhika.”

“Basi tutoe.”

Printa ikaunguruma. Mkamwana alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi, amesimama na kanga yake ameishika kwa mikono miwili kifuani. Paji la uso likatoka. Macho makali yakatoka. Likatoka shavu.

Wifi aliichukua karatasi kabla haijamaliza kutoka. Aliinua mkono akajigusa shavuni, akatazama vidole vyake, akaitazama tena karatasi. Pale pale, pana kama gumba, weusiweusi.

“Na wewe dada,” Mama Studio alimuuliza taratibu, bila kejeli, “nani amekupiga?”

Wifi alikaa na picha mbili mapajani, yake na ya mama yake, zina jeraha moja. Machozi yalipomjia yalikuja kwa kelele, kama mtu aliyeyabana tangu aliposhuka kwenye basi.

“Mimi sikuwepo,” alisema. “Miezi saba, sikuja hata siku moja. Nilitaka pawe na mwenye kosa.”

Mkamwana hakumsogelea. Alisema akiwa palepale, “Alikuwa anakuulizia, wifi. Kila nikimkogesha.”

Mama Studio akawageuzia mgongo, akalifungua lile faili la mwanzo kama lilivyoingia kutoka kwenye simu. Safari hii hakulipaka chochote. Alilituma kwenye simu yake akalikagua humo, kisha ndipo akaitoa picha, akaitia kwenye fremu, akakifuta kioo chake kwa kanga aliyojifunga.

Saa tano kasoro dakika saba simu ya wifi ililia. Alitazama jina, akapangusa pua, akapokea.

“Mjomba. Ndiyo.” Akamsikiliza. “Hakuna kitu. Nilichokuambia sicho, nilikosea mimi, na nitasema hivyo mbele ya watu wote. Mjomba, nisikilize basi. Mwambie kaka alete gari hapa studio. Kiti cha mbele mkiache wazi. Ni cha mke wake, yeye ndiye atakayempakata mama.”

Mkamwana akanyoosha mikono, akapewa fremu. Walitoka, wifi nyuma yake, akimwonyesha ngazi ilipo.

Mama Studio alirudi kwenye kioo chake chenye madoa. Akachukua daftari la wateja, akatafuta waliopitia mikononi mwake tangu asubuhi. Alikuwa mmoja tu, mwalimu wa hesabu, picha nne za kitambulisho. Akampigia.

“Mwalimu, shikamoo ya haraka. Zile picha usizipeleke kokote, rudi nikupige upya.”

“Alaa!” mwalimu alisema. “Mama, mke wangu tangu saa mbili ananiuliza nimegombana na nani.”