Faini ya Mama Barnabé

Perpétue, ambaye sisi tunamwita Mama Barnabé kwa jina la mwanawe wa kwanza, anakaanga mandazi kwenye barabara ya Port Bell, na ulimi wake una moto kuliko mafuta yake. Alitoka Bukavu na mumewe Ambroise, fundi wa redio. Katika chama chetu cha akiba hapa Luzira hakuwahi kuchelewa. Kila Jumapili baada ya misa alinunua hisa zake huku akiwacheka wanaokuja mbio.

Septemba, watu wa gari lisilo na namba walimchukua Ambroise kibandani kwake. Perpétue akakosa mikutano mitatu mfululizo, hata salamu hakutuma. Sheria yetu haina huruma: kila Jumapili unayokosa ina faini, na ya tatu inakula hisa nzima. Yote hukatwa Desemba, siku ya kugawana. Anayesamehewa ni mgonjwa aliyelazwa au mwenye msiba.

Siku hiyo ilipofika, mwenyekiti wetu Kahambu akaanza kumkata faini. Perpétue akasimama.

"Munanikata kwa nini? Nilikuwa natafuta mutu wangu! Na kodi nitalipa na nini? Mwenye nyumba atatufukuza mwezi huu!"

Tukainamia vitabu vyetu vya hisa. Pembeni alikaa Rosalba, tunayemwita Mama Otema, mke wa askari, na mbele ya Rosalba sisi huzungumzia bei ya nyanya tu. Nilimchukia kwa hofu aliyotutia, ingawa hisa alinunua kama sisi.

"Mama Barnabé," Kahambu alisema polepole, "kutafuta haiko ndani ya sheria. Iko mugonjwa ao msiba. Wewe uko na msiba?"

"Hapana. Ambroise atarudi."

"Basi nakata."

"Andika msiba," Rosalba akasema bila kuinua macho.

Mkono wa Kahambu ukasimama. "Mama Otema, nani alikuambia..."

"Mimi nasema. Andika msiba, mpe pesa yake yote."

Rosalba si mtu wa kubahatisha, na mumewe huyajua tusiyoyajua. Sasa alikuwa analia, machozi yanadondoka kwenye vazi lake la gomesi, wala hayafuti.

Perpétue alimtazama mpaka nikatamani aangalie pengine. Kahambu akamhesabia fedha zake zote. Kodi ilikuwa pale mezani, kamili. Perpétue akatenga zile za faini na za hisa iliyoliwa, akazirudisha sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi siko na msiba," alisema. "Nilikosa mukutano. Kateni."

Tukamkata. Mwenye nyumba naye hakungoja. Nimempa yeye na watoto nusu ya chumba changu, na kila jioni tukipakua chakula, namwona akifunika sahani moja na kuiweka kando.