Mtu Aliyesimama Upande wa Miguu

Vijana wa rika langu walikwenda vitani Bama wakarudi na medali. Mimi nilikwenda sekondari nikarudi na kikohozi. Tangu hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi studio ya picha mjini Eldoret, nyuma ya duka la vitambaa, na hata hiyo niliifanya kwa manung'uniko. Kazi ya chumba cha giza ilinifaa. Ndani hakuna upepo, hakuna vumbi la malori ya mbao, hakuna mtu wa kukuuliza utaoa lini. Unafunga mlango, unawasha taa nyekundu, na ukiitwa unajibu, "Karatasi iko nje, mlango usifunguliwe," hata kama karatasi zote zimo kwenye boksi na wewe unakunywa chai.

Mwenye studio alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Yeye alipiga picha, mimi nilizisafisha gizani. Mapato yetu makubwa yalikuwa Wazungu wa mashamba na farasi wao, lakini wateja wengi walikuwa watu wetu waliotoka magharibi kutafuta kazi, na hao walitaka picha za aina mbili: ya kuonyesha nyumbani kwamba wamenenepa, na ya msiba.

Ya msiba ilikuwa jambo zito. Mtu akifa huku, na gari la kumrudisha kwao halipatikani, anazikwa hapa. Wazee walioachwa nyumbani hawaoni kaburi. Kwa hiyo jeneza linawekwa mbele ya nyumba, jamaa wanasimama nyuma yake, kifuniko kinasogezwa ili uso uonekane, na picha inapelekwa nyumbani. Ndiyo mazishi yenyewe kwa mama wa marehemu. Hana mengine.

Siku hiyo tuliitwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Nilikwenda kwa sababu mwenye studio alisema mgongo wake unauma na stendi ya kamera haitajibeba. Aliyekufa alikuwa mwendesha msumeno. Alikuwa amelazwa hospitali wiki kadhaa kabla ya kufa, na zaidi ya hapo hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Jeneza lilikuwa jipya, la mbao za kiwanda, limewekwa juu ya makreti mawili. Kichwa kilikuwa upande wetu wa kushoto na miguu upande wa kulia. Kaka yake marehemu alisimama kichwani, majirani katikati, mjane karibu na upande wa miguu.

Mwenye studio alipokuwa akirekebisha kamera, mtu mmoja alikuwa akipita njiani na baiskeli. Aliona jeneza, akaiegemeza baiskeli kwenye ua, akavua kofia, akaja kusimama mwisho kabisa wa mstari, baada ya mjane, nyuma ya ile pembe ya jeneza ya miguuni. Koti lake refu liligusa mbao. Hakuna aliyemwambia kitu. Msibani humuulizi mtu umetoka wapi. Mwenye studio alidhani ni mjomba. Alipiga moja, akasogeza filamu ili apige ya pili, ikakwama. Ikabaki hiyo moja.

Mtu yule alirudisha kofia kichwani, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Baada ya siku chache kaka na mjane walikuja studio kuona picha ya kwanza. Kaka aliishika kwa ncha za vidole. Aliitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole pembeni.

"Huyu ni nani?"

Mwenye studio akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Si wa kwenu?" nikauliza.

"Si wetu."

"Basi ni mpita njia, Mzee. Alikuja kuomboleza."

"Mtoe."

Mjane alisema polepole, "Shemeji, alisimama tu. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Mama atauliza. Atasema, huyu anayesimama na mtoto wangu ni nani? Nikisema simjui, atasema unazikaje ndugu yako na mtu usiyemjua? Halafu atauliza lingine, na lingine. Mama akianza kuuliza hamalizi." Akanigeukia. "Kijana, mtoe huyo mtu. Nataka picha ambayo mtu anaitazama mara moja na kulia. Basi."

Kumtoa mtu wa pembeni ni kazi rahisi ukiwa na bahati. Negativu, yaani filamu yenyewe, huigusi. Unaiweka kwenye mashine ya kukuzia, unapandisha kichwa cha mashine picha iwe kubwa zaidi, unasogeza fremu mpaka mtu usiyemtaka anaangukia nje ya karatasi. Kwa mwanga wa mashine anaonekana bado, amelala juu ya meza karibu na kikombe chako, lakini karatasi haimpokei. Shida ni kwamba mkato ni mstari ulionyooka. Haujui kumzunguka mtu. Nilipoupitisha kati ya bega la mjane na koti la yule mgeni, ulishuka chini ukapita juu ya jeneza, ukaondoka na ile pembe ya miguuni, urefu wa mkono hivi. Nikijaribu kuliokoa jeneza, linarudi na nusu ya koti na mkono ulioshika kofia. Mkono bila mwenyewe ni mbaya kuliko mgeni mzima.

Nilitoka nikawaeleza. Niliwaonyesha kwa rula juu ya picha ya kwanza.

"Hapa ndipo patakatika," nikasema. "Jeneza litaonekana limeishia kwenye ukingo wa karatasi."

"Uso unabaki?" kaka akauliza.

"Uso unabaki. Sehemu inayopotea ni ya miguuni tu." Na kwa kuwa mimi ni mtu ambaye mdomo wake hutembea zaidi ya miguu yake, nikaongeza, "Na aliyelala humo si wa kutembea tena."

Kaka hakucheka. Mjane aliinuka kwenye benchi, akajifunga kanga upya, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama na uso wake ukutani. Mwenye studio aliniambia kwa sauti ya chini nirudi kwenye giza langu, na mara hii nilikwenda bila kunung'unika.

Nikaisafisha picha ile, nikaikausha. Kwa jicho la studio ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Watu walikuwa wamejaa karatasi, uso wa marehemu ulikuwa safi. Kaka aliifunga kwenye gazeti, wakapanda basi kwenda kwao, yeye na mjane.

Alirudi peke yake mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi, gazeti lile lile magotini, na kwa kuwa mwenye studio alikuwa kwa Wazungu na farasi wao, ikawa lazima nitoke mimi.

"Karibu, Mzee. Habari za nyumbani?"

"Mama hali chakula."

Nikakaa.

"Nilimpa picha," akasema. "Aliutazama uso, akalia, nikajua yamekwisha. Asubuhi yake nikamkuta nayo mlangoni, kwenye mwanga. Ananiambia, jeneza hili halina mwisho. Nikamwambia, Mama, karatasi imeishia hapo. Akasema, karatasi imeishia kwa mtoto wangu peke yake? Wengine wote mbona wana pande mbili? Akasema mmemzika mwanangu nusu. Alimwambia kila jirani aliyekuja. Na mimi akaniambia, ule msumeno umemkata na ninyi mmenificha. Tangu hapo haweki kitu mdomoni ila uji kidogo, tena kwa kulazimishwa."

Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu kwa mara moja maishani jambo lilikuwa ndani ya uwezo wangu. "Hiyo ni rahisi," nikasema. "Negativu iko nzima. Nitakuchapia jeneza lote, mpaka msumari wa mwisho. Itakuwa na yule mtu wa baiskeli, lakini mama ataona mwenyewe kwamba mwanawe alizikwa mzima."

Alinitazama kama mtu anayepima kama nimesoma kweli au nilikaa tu shuleni.

"Hakuzikwa mzima," akasema.

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya lori, anapiga na kupiga.

"Mguu wa kushoto. Msumeno uliukamata kwenye goti. Hospitali wakaumalizia, halafu damu ikaharibika. Tulipokwenda kuchukua mwili niliuliza mguu uko wapi. Mhudumu akasema vitu hivyo huchomwa. Mimi na shemeji tukakubaliana mama asijue. Mtoto wake wa mwisho, aende kwa mababu anachechemea? Tukalitengeneza jeneza la urefu wake kamili, makusudi. Nililipima mwenyewe." Akafungua gazeti, akaitoa picha yangu nzuri. "Halafu wewe ukalikata."

Ningeweza kumkumbusha ni nani aliyesema mtoe. Sikumkumbusha. Alikuwa anajua, alikuwa amekaa njia nzima ya basi akijua.

"Chapa yote," akasema. "Na mgeni wake. Nataka aone ule urefu."

Nikaingia, nikachapa. Niliishusha mashine, nikafungua fremu, na yule mtu akarudi pembeni na kofia yake kifuani, na mbele ya magoti yake jeneza likarudi mpaka mwisho. Ndani ya dawa mambo huja taratibu: kwanza suti na viatu, halafu nyuso. Jeneza jeupe la mbao mbichi huja mwisho. Nililisubiri. Nilijua sasa kwamba sehemu ile ya miguuni, niliyoitupa na kuirudisha, upande mmoja ulikuwa mtupu.

Nilimfungia na kadibodi nyuma isikunjike. Alisema asante.

Habari zilizobaki nililetewa na mjane mwenyewe. Alirudi mjini kuchukua vyombo vyake kwa jirani wa laini, akapita studio kabla ya basi. Hakutaka picha. Alikaa kwenye lile benchi, akasema shemeji yake amemwomba aniambie, kwa kuwa yeye mwenyewe hana nguvu ya kulieleza tena.

"Alimpa?" nikauliza.

"Alimpa."

"Akamuuliza huyo mtu ni nani?"

"Hakumuuliza. Jicho lake halikufika kwake. Mpaka leo sidhani kama amemwona." Akapangusa magoti yake kwa kiganja. "Alipima jeneza kwa vidole, hivi, kutoka kichwani mpaka mwisho. Akasema, ni refu. Shemeji akasema, ndiyo Mama, ni refu. Akasema, sasa niambie kwa nini la kwanza lilikuwa fupi. Shemeji akaanza habari za karatasi na mashine, maneno yako yote yale. Mama akamwacha aongee mpaka akanyamaza. Halafu akanigeukia mimi. Akasema, wewe ulilala na mtoto wangu, wewe hutanidanganya."

"Ukamwambia?"

"Kuanzia goti kwenda chini. Nilimwambia hivyo."

Nikakaa benchini kando yake.

"Hakulia," mjane akasema. "Aliuliza kushoto au kulia. Halafu akachukua panga akaenda kwenye migomba. Kwetu mtu akipotea, mwili usipopatikana, huzikwa mgomba badala yake. Sijawahi kusikia wa mguu. Alikata shina la mgomba mchanga, akaja nalo, akaniambia nisimame, akalipima kwenye mguu wangu, goti mpaka kisigino, kwa kuwa tulikuwa karibu kimo kimoja, mimi na mume wangu. Akakata ilipozidi. Tukachimba nyuma ya nyumba, mimi na shemeji. Mama akalifunga kwa shati la shule la mwanawe, akalilaza mwenyewe."

"Watu walikuja?"

"Sisi watatu."

Konda wa basi alikuwa akigonga mabati upande wa stendi. Mjane aliinuka, akajitwisha sufuria zake zilizofungwa kwa shuka.

"Na sasa anakula?" nikauliza.

"Jioni ile alikula," akasema. "Sisi ndio tulioshindwa."