Herufi Tano za Mjomba Nassir

Makala ya Mjomba Nassir kuhusu mashua yake ya kupeleka wageni kisiwa cha Funzi ilikuwa na maneno elfu mbili, na hadi katikati mashua ilikuwa bado haijatajwa. Zilitangulia salamu, nasaba na dua. Twaiba, aliyekuwa kwenye majaribio ya kazi katika ofisi ya tovuti pale Ukunda, alitakiwa kuifupisha iwe maelezo ya kusomwa na mtu anayetafuta safari za Funzi mtandaoni. Kisanduku hakikukubali zaidi ya herufi mia moja na hamsini, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kufikia saa kumi Mjomba awe ameridhika, ama Twaiba apoteze kazi.

"Salamu za babu zangu umezitupa wapi?" Mjomba alifoka.

"Mjomba, hizo peke yake zilikuwa herufi mia na arobaini. Mgeni angedhani anaalikwa hitima."

"Na hodi je? Nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi!"

Zilibaki dakika kumi. Twaiba akamsomea:

"Karibu Funzi: safari ya siku nzima kwa mashua kutoka Msambweni, kuona pomboo na mikoko, kisha wali wa nazi kisiwani. Nahodha ni mzaliwa wa Funzi."

"Ngapi hizo?"

"Mia na arobaini na tano."

Mjomba akahesabu kwa vidole. "Basi zimebaki tano. Weka nafasi moja, halafu Amin."

Twaiba akaandika. Kisanduku kikajaa barabara, kikahifadhi. Mjomba akainua viganja, akajipangusa uso.