Droni Iliyomwacha Baba Uwanjani

Baba aliwahi kuniambia mbele ya watu wake kwamba aliuza ng'ombe ili nisome uhandisi, nami nikamrudia na inzi wa plastiki. Wachezaji wake walicheka mpaka wakashika magoti. Ilikuwa asubuhi ya shindano, nyumbani kwetu Ngulyati, na inzi mwenyewe, yaani droni yangu, alikuwa juu ya kiti akichajiwa. Nilicheka pia, kwa sababu mtoto wa mtu mkubwa hujifunza mapema kucheka anapochekwa.

Baba alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mchezaji wa mbele. Kwetu ngoma haina majaji. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahama kwa miguu yao wenyewe. Jua likishuka, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana zamani walitafuta dawa za kuvuta watu, na baba alisifika kwa dawa zake kuliko kwa goti lake la kulia, ambalo lilikuwa limeanza kumsaliti. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwa miaka tisa, kabla mtu huyo hajajitenga. Wachezaji wake walimwambia wazi: ukishindwa tena, unaachia.

Mpiga ngoma mkubwa ndiye aliyenileta kwenye jambo hili. Alikuwa ameona droni yangu ikipiga picha za harusi pale Bariadi mjini na watu wote wakiiacha meza ya bibi harusi kuitazama. "Watu wanakimbilia kinachoruka," alimwambia baba. "Hiyo ndiyo dawa ya sasa." Baba alikubali kama mtu anayemeza kwinini.

Programu ya kumfuata mtu niliiandika mwenyewe. Unamchorea mtu kisanduku kwenye skrini, kompyuta ndogo iliyo kwenye droni inajifunza sura ya kilicho ndani, kisha inakitafuta katika kila picha mpya. Kisanduku kikienda kushoto mwa skrini, droni inaamriwa kugeuka kushoto. Kikiwa kidogo, mtu yuko mbali, inaamriwa kusogea mbele. Siku ya kwanza niliipa droni amri hizo mbichi, kila tofauti ndogo ikawa kasi papo hapo, ikatetemeka hewani kama mbuzi mwenye homa. Nikailainisha. Kila amri mpya ikachanganywa na ile iliyotangulia, na kasi ikawekewa kikomo cha kupanda na kushuka. Ikaanza kuelea kwa heshima.

Tatizo likabaki moja. Mazoezini, kila baba alipoinama kabisa au mtu alipopita mbele yake, kompyuta iliona hafanani tena na ilivyomjifunza, ikatangaza kwamba amepotea, na droni ikasimama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini kila iliposimama, wachezaji walipiga makofi. "Inzi amelala!" walisema. Nikashusha kiwango cha kufanana ili iridhike na kidogo, na nikairuhusu iendelee kujifunza sura mpya hata ikiwa na mashaka. Mhandisi yeyote angenionya. Mimi nilitaka tu wale watu wanyamaze.

Mchana uwanja ulijaa. Niliipandisha droni, nikamchorea baba kisanduku, na ikashuka kumkabili kwa mbali kidogo, juu ya vichwa vya wapiga ngoma. Aliposogea mbele ilirudi nyuma, alipozunguka ilizunguka naye. Watu walianza kuja. Kwanza watoto, kisha akina mama na ndoo zao, kisha wanaume waliojifanya hawaji. Mpaka saa kumi robo tatu ya uwanja ilikuwa kwetu. Baba aliimba utenzi wa kunisifu, na ndani yake inzi akawa tai. Nilisikia raha iliyonitia aibu, maana sikujua kama nilikuwa nikiihitaji kiasi kile.

Kisha yule mwanafunzi wake wa zamani aliyejitenga akavuka mstari wa katikati kumchokoza. Mchezo unaruhusu hivyo. Alivaa kama baba, maana kuvaa pia alifundishwa na baba: shuka jekundu, manyoya ya mbuni kichwani, njuga miguuni. Vumbi lilipanda. Akapita kati ya baba na kamera, akasimama pale, akacheza mgongo kwa mgongo naye. Kisanduku kikamkalia yeye. Kilikuwa na mashaka, kisha mashaka yakaisha, kwa sababu kilikuwa kinajifunza. Alipoanza kurudi upande wake, droni ikaondoka naye.

Laiti ingeshtuka! Ingeruka au kutetemeka, watu wangejua ni hitilafu ya mashine. Lakini nilikuwa nimeifundisha kuanza polepole, kuongeza kasi kidogo kidogo, kugeuka bila haraka. Ikamwacha baba kwa ustaarabu kamili, kama mgeni aliyeshiba anayeaga. Uwanja mzima uliona inachagua.

Kuirudisha kulihitaji sekunde tatu. Unagusa skrini kuisimamisha, unamchorea baba kisanduku kipya, basi. Niliona kosa mara moja, sitadanganya. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Nilimwona baba pembeni mwa picha akigeuka kuitafuta droni, mdomo wazi, na nikakumbuka yale magoti yaliyoshikwa kwa kicheko. Nikasema moyoni, ngoja aonje kidogo. Kidogo hicho kilitosha watoto kuikimbilia, na akina mama kuwafuata watoto.

Nilipokuja kumchorea kisanduku na droni ikamrudia, uwanja haukurudi nayo. Watu wakishahama hawarudi kwa sababu ya kitu walichokwisha kukiona. Baba alicheza mpaka mwisho mbele ya wapiga ngoma wake na mzee mmoja kipofu aliyekuwa hajaambiwa kwamba watu wameondoka. Upande wa pili walikuwa wakiimba kwamba hata ndege wa mzungu amemchoka mzee. Nilirekodi video ya hayo yote, ikiwa laini kabisa, bila mtikisiko.

Asubuhi yake aliniita. "Mwangaluka," nilimwamkia nikipiga goti. Hakuitikia, aliomba kuona. Nikamwekea video kwenye simu. Aliitazama mara nne, akishika simu kwa mikono miwili, na kila mara aliisimamisha pale pale ambapo anatoka kwenye picha.

"Hapa," alisema. "Unaona goti? Mwenzangu ameshageuka, mimi bado."

Nikainama kutazama.

"Ng'wanawane, mwanangu, ungeweza kuirudisha?" aliuliza.

"Hapana, baba," nilisema. "Ikishamshika mtu, imemshika."

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. Afadhali angenichapa fimbo. Akasema mashine haina ndugu wala deni, inamfuata aliye hodari, na kwamba yeye alikuwa mjinga kuwaamini watu wa ukoo waliokuwa wakimwambia bado anaweza. Siku ile ile aliwaita wachezaji, akawaachia ngoma. Hajacheza tena, hata kwenye harusi ya dada yangu.

Siku hizi wageni wakija nyumbani huwasimulia yeye mwenyewe. Husema kwamba ukoo mzima ulimdanganya kuhusu goti lake, na kiumbe kimoja tu kilichomwambia ukweli ni kile alichokitengeneza mwanawe. Hunishika bega anaposema hivyo. Anajivunia. Mimi huwamiminia wageni chai.