Miaka Miwili Iliyogeuka Sita

Bosi wangu, mwenye kinu cha mchele pale Uyole, ndiye aliyeniagiza niandike andiko la kununua mfumo wa ERP, yaani programu moja ya kuunganisha mauzo, manunuzi, stoo na hesabu, za Mbeya na za tawi letu la Iringa. "Mhasibu, nionyeshe faida, gharama, na hela yangu itarudi lini. Basi."

Niliandika kwa moyo, kwa ajili ya mama mtunza stoo wa Kihesa, kule Iringa. Kila mwezi alikatwa mshahara kwa magunia yaliyopungua, na hajawahi kuiba hata punje. Bosi, tuliyemwita Mzee, alikuwa akimpigia simu: "Mama, toa mawili, kuna msiba. Toa matatu ya kanisani." Yalitoka bila karatasi, na mwisho wa mwezi Mzee alikuwa ameshasahau. Kwenye mfumo, gunia lisingetoka bila mtu kuidhinisha, na jina lake kubaki pale.

Kununua, kufunga, kusafisha taarifa za zamani na kufundisha watu: milioni sitini. Kuuendesha kila mwaka: kumi na mbili. Faida kwa mwaka: ishirini za kuzuia upungufu wa stoo, kumi na nne za kufuatilia wadaiwa mapema, nane za kuacha kununua kitu kile kile mara mbili. Ukitoa uendeshaji zinabaki thelathini. Fedha inarudi kwa miaka miwili. Ukurasa wa Kihesa niliuandika "upotevu". Nani angeandika "Mzee anachukua"?

Mzee alisoma polepole, akafika kwenye idhini.

"Huyu wa kuidhinisha ni nani?"

"Ni wewe, Mzee. Hata ukitoa ya msiba, unabonyeza tu kwenye simu, inaandikwa kwamba umechukua mwenyewe."

"Yaani mchele wangu, niliouanza na gunia moja, niombe ruhusa kwa kompyuta?"

"Siyo ruhusa, Mzee. Ni kumbukumbu. Mama wa Kihesa anakatwa kwa mizigo uliyoitoa wewe."

Akachukua kalamu, akaifuta ile milioni ishirini. "Hii siyo faida. Piga upya."

Nikapiga. Zikabaki kumi kwa mwaka. Miaka sita.

"Miaka sita!" Akacheka. "Unataka kunifilisi, mwanangu."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Uongo. Kwetu janga alilichuma mwenye kinu, akala mama wa watu.

Wiki iliyofuata aliniita tena. Mezani palikuwa na ukurasa mmoja tu wa andiko langu, ule wa upotevu wa Kihesa, na barua ya kumwachisha kazi yule mama. Ukurasa ulikuwa umeambatishwa kama ushahidi. Mzee akanisogezea kalamu.

"Saini hapo kama mhasibu. Kazi nzuri hii, umeichambua vizuri sana."