Ijumaa ya Nwanyieke

Pale Aba, mji wa Nigeria, kwenye safu ya mafundi viatu, Nwanyieke alikuwa mwanamke peke yake aliyekalia benchi na kukata ngozi kwa mkono wake. Wanawake wengine waliuza vilivyokwisha shonwa. Yeye alianza akiwa na miaka kumi na minne, wakati ambapo hakuna fundi aliyetaka msichana, ila fundi Onwubiko, aliyeitwa Deede, yaani kaka mkubwa, alimchukua akasema, "Gundi haiulizi ni mkono wa nani." Akamfundisha miaka saba, akamfungulia kibanda. Sasa Nwanyieke alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na vidole vyeusi kwenye ncha.

Novemba hiyo alichukua ngozi na soli kwa Maduabuchi, mwuza ngozi, kwa mkopo, naira laki tatu na arobaini elfu, ashone ndara za shule moja ya bweni. Walikubaliana kulipana tarehe kumi na tano. Shule haikutoa malipo ya awali iliyoahidi. Kumi na tano ikapita, kumi na sita ikapita. Tarehe kumi na nane Maduabuchi akaja mwenyewe, mikono kiunoni, mafundi wote wanatazama.

"Daa Nwanyieke, twende polisi ukaandike huko!" Hata kwa hasira alimwita Daa, dada mkubwa.

"Polisi? Nimeiba?" alisema bila kuinua macho kwenye soli. "Deni ni letu, na chama cha safu ni chetu. Twende kwa katibu."

Katibu, Ihechi, alikuwa kijana mwenye miwani na mwandiko mzuri. Alikwisha kuandika barua za namna hii nyingi kiasi kwamba kalamu ilijua njia. "Mimi Nwanyieke nakiri kudaiwa," akaandika, kiasi kwa tarakimu, kisha kwa maneno, "na ninajifunga kulipa chote mwisho wa Disemba..."

"Futa hapo," Nwanyieke akasema.

"Daa, watu wote huandika mwisho wa mwezi."

"Ndiyo maana watu wote hawalipi. Mwisho wa mwezi ni uwanja mpana, mtu anakimbilia humo mpaka anapotea. Shule itanilipa nikipeleka ndara, na ndara zitakwisha tarehe tisa. Andika Ijumaa, tarehe kumi na mbili, kabla ya saa kumi jioni."

Maduabuchi naye akatia lake. Mwaka uliopita mteja mmoja alimwonyesha kwenye simu ujumbe wa benki wa uongo, akaondoka na mzigo. "Mimi sitaki ujumbe. Andika taslimu, mkononi mwangu, mbele ya katibu."

Ikaandikwa hivyo. Asipolipa siku hiyo, chama kitafunga kibanda chake, na mdhamini atalipa yote ndani ya siku saba. Mdhamini alikuwa Deede Onwubiko. Mzee alikuja kwa fimbo, mguu umemvimba, akaomba asomewe kila mstari mara mbili, kisha akatia sahihi ndefu. Akiba yake yote ya uzeeni haikuzidi laki nne, na kila mtu pale chumbani alijua. Picha mbili, ya mdaiwa na ya mdhamini, zikabandikwa, mashahidi wawili wakaweka sahihi, nakala tatu: moja ya Maduabuchi, moja ya Nwanyieke, moja ya kabati la chama.

Kuanzia siku hiyo Nwanyieke alifika kabla ya wafagiaji. Tarehe tisa jozi mia mbili na kumi zilikuwa kwenye magunia. Tarehe kumi zikafika shuleni. Mhasibu wa shule akasema, "Kesho, mama." Nwanyieke akakaa kwenye ngazi ya ofisi yake siku nzima iliyofuata, hakugomba, hakuondoka. Jioni ya Alhamisi fedha zikaingia benki.

Jioni hiyohiyo mpiga kengele wa soko akapita: mwenyekiti wa zamani wa safu anazikwa kesho kijijini kwao. Maduka yote yafungwe. Atakayefungua atatozwa faini.

Hapo ndipo kosa likaonekana. Siku waliyoandika barua, tarehe ya mazishi, maana huko maiti hungoja wiki kadhaa, ilikuwa tayari imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha Ihechi, na hakuna aliyegeuka kuitazama. Duka la Maduabuchi litafungwa, ofisi ya chama itafungwa.

"Umeokoka, Daa," jirani yake Chidubem akacheka. "Siku ya msiba haihesabiwi. Lala, ulipe Jumatatu."

"Imeandikwa wapi kwamba haihesabiwi?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu hakuweka sahihi. Aliyeweka ni Deede."

Ijumaa asubuhi alipanga foleni benki akiwa amevaa nguo za msiba. Watu walimpa pole, akaitikia. Saa saba unusu akapata fedha zake dirishani, akazihesabu, akazifunga kwenye mfuko mweusi, akaufunga mfuko kiunoni chini ya kitenge. Akapanda pikipiki mpaka kijijini.

Uwanja ulijaa maturubai. Maduabuchi alikuwa ameketi na rika lake, kofia nyekundu, glasi mkononi. Nwanyieke hakumwendea. Kuhesabu deni mbele ya jeneza ni kumtukana maiti na wenye maiti. Hata mtoto wa Aba anajua. Aliwasalimu wafiwa kwanza, akatoa rambirambi yake, kisha akasimama pembeni mpaka Ihechi alipopita na sahani ya nyama.

"Katibu. Nenda ukamwite Maduabuchi. Nipo barabarani, kwenye magari."

"Leo, Daa? Hapa?"

"Saa tisa na dakika kumi," akasema, na akatoka.

Maduabuchi alikuja amekasirika, anatazama nyuma asionekane. "Mama wewe, unataka kuniaibisha mbele ya rika langu? Nimekwambia nakudai leo? Jumatatu!"

"Sawa. Iandike Jumatatu, uweke sahihi, na Ihechi aweke."

Maduabuchi akajipapasa mifuko. "Kalamu sina."

"Basi mikono unayo. Hesabu."

Ihechi akajifanya anakohoa. Maduabuchi akamtazama yule mama, vumbi la barabara mpaka magotini, kilemba kimelala upande mmoja kwa upepo wa pikipiki. Akafungua mlango wa gari lake. Wakaingia wote watatu, vioo vikapandishwa, joto kama tanuri, na kule uwanjani ngoma zinalia. Alihesabu mara moja. Akarudia ya pili. Ihechi alikuwa na kalamu, bila shaka. Akaandika nyuma ya nakala ya Nwanyieke kwamba deni limelipwa lote, taslimu, saa tisa na dakika thelathini na tano. Wakatia sahihi juu ya goti.

"Nakala zetu tutazifuta Jumatatu kabati likifunguliwa," Ihechi akasema.

Maduabuchi alikaa na fedha mapajani. Hasira ilikuwa imemtoka, hakujua aweke nini mahali pake. "Daa," akasema, "watu ishirini wana barua kwangu. Ishirini. Leo wote wako pale wanakula wali." Akatikisa kichwa. "Ukitaka ngozi ya kazi za shule za Januari, njoo uchukue. Bila barua."

"Nitakuja," Nwanyieke akajibu, akishuka. "Na barua utaandika. Leo unanipenda, Februari sijui utaamkaje."

Maduabuchi akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Nwanyieke hakurudi uwanjani kula. Alipanda pikipiki moja kwa moja mpaka kwa Deede Onwubiko. Mzee alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda, amevaa shati la kutokea, viatu vyake vimeng'arishwa na vimewekwa kando kama mtu anayengoja kuitwa na chama akalipe. Nwanyieke akapiga goti, akamwekea karatasi mapajani, upande wa nyuma juu.

Mzee aliisoma polepole, midomo ikitembea. Akaisoma tena. Kisha akaanza kufungua vifungo vya lile shati, kimoja kimoja.

"Niletee la nyumbani," akasema. "Lipo kwenye msumari."